Saizi ya drili na kina cha tundu unaporudishia uzi wa boliti kwa koili kwenye alumini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karakana yangu iko Ngamiani, Tanga, lakini kazi nyingi hunifikia kutoka pwani. Wavuvi wa Deep Sea na Sahare huniletea injini za boti ambazo boliti zake zimeshikwa na chumvi, zikafunguliwa kwa nguvu, zikatoka na uzi wote wa alumini kama nywele kwenye kitana. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa na mafundi wenzangu na vijana wanaojifunza. Karibu yote nimeyajibu kwa kutumia tundu moja tu, la boliti ya M8 iliyoshika kifuniko cha ekzosi pembeni mwa silinda, kwa sababu ukilielewa hilo moja mengine utayahesabu mwenyewe.

Koili ni nini hasa, na inakaaje ndani ya tundu?

Ni waya wa chuma cha pua uliosokotwa kama springi. Ukiukata waya wenyewe na kuutazama kwa mbele, umbo lake ni kama kiandazi cha pembe nne kilichosimama kwa ncha. Pembe za nje zinakaa kwenye uzi mpya unaoukata kwenye alumini, na pembe za ndani ndizo zinazokuwa uzi wa boliti. Kwa hiyo boliti yako ya zamani, M8 ile ile, inarudi mahali pake. Kinachobadilika ni tundu la alumini, ambalo sasa linakuwa kubwa zaidi. Wengi mjini huiita helikoili, mimi nitaiita koili.

Ikiwa huru mkononi, koili ni nene kidogo kuliko tundu itakamoingia. Unapoizungusha inajibana, na kujibana huko ndiko kunakoifanya isitoke pamoja na boliti. Chini yake ina ulimi, kipande cha waya kilichokunjwa kukatisha katikati, ambacho kifaa cha kuingizia hukishika na kuivuta koili kwenda chini. Huo ulimi utausikia tena na tena hapa, maana ndio unaowaponza watu.

Nitumie biti ya saizi gani?

Kwa M8 yenye pichi ya 1.25, yaani milimita 1.25 kutoka uzi mmoja hadi unaofuata, biti ni milimita 8.4. Ya 8.3 nayo inafaa, ila tapu, kifaa cha kukatia uzi, itakuwa nzito kidogo kuzungusha.

Wengi hushangaa: "Fundi, boliti ni ya nane, unatoboaje nane na nusu kasoro?" Fikiria hivi. Tundu la kawaida la M8 hutobolewa kwa biti ya 6.8, kisha tapu inachimba nje mpaka 8. Hapa tapu haianzii kwenye 6.8. Inatakiwa ikate uzi ambao ndani yake utakaa waya, na ndani ya waya ndipo ikae boliti. Uzi huo, unaoandikwa EG M8 kwenye tapu (nyingine huandikwa STI), una kipenyo cha nje cha 9.62, na kilele chake cha ndani kinapaswa kuwa kati ya 8.27 na 8.48. Biti ya 8.4 inaangukia humo, na inabaki nafasi ndogo kwa ajili ya biti kutikisika.

Kwa boliti nyingine za milimita, mimi hutumia hesabu hii, ambapo D ni kipenyo cha boliti na P ni pichi:

```
biti = D + 0.3 x P
```

M6 ya pichi 1 inatoa 6.3. M10 ya pichi 1.5 inatoa 10.45, kwa hiyo biti ya 10.4 au 10.5. M12 ya 1.75 inatoa 12.5. Ukinunua boksi lenye biti yake ndani, tumia hiyo hiyo, lakini ipime kwa kalipa kwanza. Nimewahi kukuta boksi jipya lenye biti isiyolingana na maandishi ya kifuniko.

Faida nyingine ya 8.4 ni kwamba inafuta mabaki yote ya uzi wa zamani, ambao ulifika 8 tu. Ukimaliza kutoboa, chungulia na tochi. Ukuta unatakiwa uwe safi kuzunguka pande zote. Ukiona upande mmoja una alama za uzi wa zamani na mwingine hauna, biti yako imekwenda pembeni.

Ninayo 8.5 tu. Itaharibu?

Ikienda wima kwenye mashine ya kusimama, hapana. Umepita kipimo kwa unywele, na uzi utakaoukata bado una zaidi ya asilimia 80 ya kimo chake. Shida ni drili ya mkononi. Alumini ni laini, mkono unayumba, na biti ya 8.5 inakuachia tundu la 8.7. Hapo kimo cha uzi kinashuka kwenye asilimia 68 hivi, na bado hujaweka hata boliti. Kwa hiyo ukiwa na 8.5 na drili ya mkononi, ni heri uende dukani ukanunue 8.3, uitumie kwa mkono huo huo unaoyumba.

Kwa nini nisitumie tapu ya M10 x 1.25? Pichi ni ile ile.

Swali zuri, na wapo waliojaribu. Pichi ni ile ile kweli, kwa hiyo koili itaingia bila kugoma, na ndiyo maana mtu anadanganyika. Lakini tapu ya M10 inakata mpaka 10, na koili ya M8 inataka 9.62. Inabaki karibu milimita 0.4 ya ulegevu. Koili haibanwi, boliti inacheza ndani, na ukikaza inatoka na koili yake. Tapu ya koili ni ya koili, haina mbadala. Ile ya M9 nayo ni ndogo mno, usiitafute.

Nitajuaje kama kweli ni M8? Injini nyingine ni za Marekani.

Boliti ya 5/16-18 ya Marekani ina kipenyo cha 7.9 na ushee, na kwenye kalipa iliyochakaa utasoma 8 tu. Usitazame kipenyo, tazama pichi. Hesabu nyuzi kumi kwenye boliti nzima kutoka tundu la jirani, kisha pima urefu wake. M8 ya kawaida itakupa milimita 12.5. Ya Marekani itakupa 14.1. Tofauti hiyo huioni kwa jicho kwenye uzi mmoja, lakini kwenye kumi inaonekana hata kwa rula ya mtoto wa shule.

Kina cha tundu kinahesabiwaje?

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo boksi la koili halikusaidii. Mtu huuliza "kina ni ngapi" kana kwamba kuna kina kimoja. Kuna vitatu: kina cha uzi kamili, kina cha tundu ambacho tapu inahitaji ili ifikishe uzi huo, na kina ambacho boliti yenyewe inahitaji ili isigonge kitako. Unavihesabu vyote, kisha unatazama kama alumini uliyonayo inaweza kuvibeba.

Turudi kwenye injini ya nahodha mmoja wa Sahare. Boliti ni M8, urefu 30 chini ya kichwa. Kifuniko, gasketi na wosha kwa pamoja vilikuwa milimita 13. Kwa hiyo ndani ya silinda boliti ilikuwa inaingia milimita 17. Tundu lenyewe lina kitako, halitoboki upande wa pili. Nililisafisha, nikateremsha mkia wa kalipa, nikasoma 22 mpaka kwenye ncha kabisa ya tundu.

Ishirini na mbili hiyo si ukuta wima mtupu. Biti ina ncha ya pembe, na pembe ya kawaida ya nyuzi 118 ina urefu wa asilimia 30 ya kipenyo cha biti. Tundu la kiwandani lilitobolewa na 6.8, kwa hiyo ncha yake ni milimita 2, na sehemu yenye ukuta wima ni 20.

Sasa koili. Zinauzwa kwa urefu unaotajwa kulingana na kipenyo: mara moja, mara moja na nusu, mara mbili, na kuendelea. Kwa M8 maana yake ni 8, 12, 16. Nilianza na ya 12.

Kina cha uzi kamili ni urefu wa koili kujumlisha pichi moja: 12 na 1.25, jumla 13.25. Pichi hiyo ya ziada si ya mapambo. Koili haikai sawa na uso wa alumini, inazama robo mpaka nusu ya mzunguko chini yake, na chini kabisa ulimi nao unataka pa kukaa.

Kina cha pili ni cha tapu. Meno ya mbele ya tapu yamechongwa mshazari, hayakati uzi kamili. Kwenye seti, tapu ya kati ina meno kama manne ya namna hiyo, na ile ya kumalizia ina mawili. Mara nyingi boksi la koili lina tapu moja tu, na ni ile ya kati. Usikisie. Weka kalipa ubavuni mwa tapu, pima kutoka ncha mpaka jino la kwanza lililo kamili. Yangu ilikuwa 5. Nikaongeza milimita moja ya vumbi la alumini ambalo lazima litabaki chini hata upulize vipi. Jumla 13.25 na 5 na 1 ni 19.25.

Kina cha tatu ni cha boliti: 17, na mimi huacha nafasi ya milimita 2 chini yake. Jumla 19.

Kikubwa kati ya hivyo ni 19.25. Kwa hiyo nilihitaji ukuta wima wa 8.4 ufike angalau 19.25. Nikachagua 19.5. Ncha ya biti ya 8.4 ina urefu wa 2.5, kwa hiyo ncha itafika 22 kamili, palepale ilipokuwa ncha ya tundu la zamani. Sikuhitaji kuchimba alumini mpya hata kidogo chini, na hilo ndilo nililolitaka, kwa sababu nyuma ya tundu hilo kuna njia ya maji.

Kwa nini usiweke ya 16, si ndiyo imara zaidi?

Imara zaidi, ndiyo. Lakini tuhesabu: 16 na 1.25 ni 17.25, ongeza 5 za tapu na 1 ya vumbi, 23.25. Nilikuwa na 19.5. Hata kwa tapu ya kumalizia, yenye 2.5 tu ya meno ya mshazari, ingehitajika 20.75. Ningelazimika kuchimba kwenda chini zaidi kwenye ukuta ambao unene wake siujui na siwezi kuupima kutoka nje.

Basi ya 12 inatosha? Alumini ndiyo dhaifu hapa, si waya. Uzi wa zamani ulishika alumini kwenye kipenyo cha 8, wa sasa unashika kwenye 9.62, yaani eneo la kushikilia ni kubwa kwa sehemu ya tano kwa kila milimita ya kina. Koili ya 12 inashika alumini kama uzi wa kawaida wa M8 wenye kina cha 14.4. Ule wa kiwandani ulikuwa na 17. Kwa hiyo tumepungukiwa kidogo, na sikumficha nahodha. Kwa kifuniko cha ekzosi, chenye boliti nyingi zinazogawana mzigo mdogo, sina wasiwasi. Ingekuwa ni boliti ya kichwa cha silinda ningesisitiza ya 16, na kama kina hakipo ningeitafutia kazi hiyo njia nyingine.

Ncha ya biti ina ubaya gani? Mimi napima tu na kufunga utepe.

Unapimia wapi, kutoka ncha au kutoka begani? Nililipia swali hili miaka ya nyuma. Nilikuwa na tundu kama hilo, nikahesabu 22, nikafunga utepe kwenye biti kwa kupima kutoka pale ubavu wa biti unapoanza, si kutoka ncha. Biti ikazama 22 za ukuta, na ncha ikaenda 24.5. Nilihisi drili ikizama ghafla, kama mguu unaokosa ngazi. Nilipotoa biti na kumwaga mafuta ya taa ndani ya tundu, yalishuka taratibu mpaka yakaisha. Nilikuwa nimetobolea njia ya maji. Injini ya mtu, kosa langu mwenyewe. Niliifidia.

Tangu hapo naandika namba mbili kwa chaki juu ya meza: "ukuta 19.5, ncha 22". Utepe unafungwa kwenye ya ncha. Na kila tundu lililo karibu na njia ya maji nalijaza mafuta ya taa baada ya kutoboa, kabla ya tapu, nakunywa chai, narudi kutazama. Yakiwa palepale, naendelea. Kama ni kutobolea, ni heri ujue sasa kuliko baharini.

Nifanyeje biti iende wima bila mashine ya kusimama?

Silinda ya injini ya boti haipandi kirahisi kwenye meza ya mashine. Mimi huchukua kipande cha mvule kilichobaki kwa mafundi mashua, unene wa kama milimita 40, nakitoboa 8.4 kwenye mashine ya kusimama, nakifunga juu ya uso wa silinda kwa boliti mbili za matundu ya jirani, halafu natoboa kupitia humo. Mbao inaiongoza biti. Usisahau tu kwamba utepe sasa unahesabiwa na unene wa mbao: 40 na 22 ni 62.

Kabla ya kukaza zile boliti mbili, pitisha mkia wa biti ya 6.8 kwenye tundu la zamani na uone kama unakutana na tundu la mbao katikati. Kama boliti ilikatikia ndani na mtu mwingine akaitoboa kwa papara, tundu la zamani huwa limepinda, na biti itafuata upindo huo usipoizuia.

Je, mdomo wa tundu upanuliwe?

Kidogo. Piga mdomo kwa biti pana au kwa kifaa cha kupanulia mpaka uwe mpana kuliko 9.62 kwa unywele tu, ili tapu isiinue ukingo wa alumini utakaozuia gasketi kukaa. Ukizidisha, uzi wa juu unapotea na koili inakosa pa kuanzia. Na kina unachopimia chote, anzia uso wa alumini, si chini ya mdomo uliopanua.

Tapu izungushwe vipi kwenye alumini?

Mafuta ya taa. Alumini inapenda kunata kwenye meno ya tapu, na mafuta ya taa huzuia hilo kuliko oili ya injini. Zungusha nusu mzunguko mbele, rudisha robo, ukisikia chenga zimekatika endelea. Kwenye tundu lenye kitako, itoe tapu yote mara mbili au tatu, uisafishe, upulize tundu ukiwa umefumba macho au umevaa miwani.

Funga utepe kwenye tapu pia. Kwa tundu letu tapu inatakiwa ifike 18.25 kutoka uso wa alumini, ambazo ni 13.25 za uzi na 5 za meno ya mshazari. Ukigonga kitako kabla ya utepe, usilazimishe. Ama vumbi limejaa, ama hesabu yako ina kosa. Tapu ikikatikia ndani ya alumini, utaitamani ile siku ulipokuwa na uzi uliokufa tu.

Nitajuaje kama uzi umefika kina cha kutosha kabla sijaweka koili?

Pima kwa koili? Hapana. Koili ikiwa huru mkononi ni fupi na nene, urefu wake wa rula haukwambii chochote, maana ikijibana ndani inanyooka. Rudisha tapu yenyewe kwa mkono bila mpini, mpaka isimame, na uone utepe umefika wapi. Au tumia kijiti cha mbao kilichochongwa, ukikwaruze kwenye ukuta wa tundu: utahisi nyuzi zinapoishia.

Koili imebaki imechomoza juu. Kosa ni la nini?

Mara nyingi ni kina cha uzi. Ulimi umefika kwenye nyuzi za chini ambazo hazijakamilika, umekwama, na koili haiwezi kushuka zaidi. Ukilazimisha, ulimi unavunjika kabla ya wakati, ama waya unaruka uzi mmoja na kukaa juu ya kilele. Hilo la pili unalitambua hivi: boliti inaingia vizuri mizunguko mitatu minne, halafu inakaza ghafla ingawa tundu ni safi.

Lingine ni kukandamiza kifaa cha kuingizia. Koili haisukumwi, inazungushwa. Uzito wa mkono wenyewe unatosha. Iingize mpaka mzunguko wa juu uwe robo au nusu chini ya uso, basi, simama hapo.

Ni lazima kuvunja ulimi?

Tazama boliti yako. Kwenye tundu letu koili inaishia kama milimita 12 na nusu chini, na boliti inaingia 17. Maana yake boliti inapita katikati ya ulimi. Ukiuacha, boliti itaukuta, itaanza kukaza, wewe utadhani kifuniko kimebana kumbe bado kina mwanya. Kwa hiyo unavunjwa. Weka kijiti cha chuma bapa juu ya ulimi, piga nyundo pigo moja kali. Mapigo mepesi mengi huvuta koili kwenda chini badala ya kuvunja.

Kisha utoe. Kuna watu hutumia sumaku na kulalamika kwamba haishiki. Chuma hiki cha pua hukamatwa na sumaku kwa shida. Paka grisi nzito kwenye ncha ya kijiti, ushushe, ulimi utanata. Hakikisha umeuona mkononi mwako kabla hujafunga kitu. Boliti yako ikiwa fupi na haifiki chini ya koili, unaweza kuuacha ulimi mahali pake, haudhuru.

Baada ya kuweka boliti, kifuniko bado kinavuja. Boliti imekaza kabisa.

Imekaza wapi? Chukua boliti bila kifuniko, zungusha kwa vidole mpaka isimame, pima kilichobaki nje mpaka chini ya kichwa. Kwenye mfano wetu kilichobaki kinatakiwa kiwe chini ya 13, maana 13 ndiyo unene wa kifuniko, gasketi na wosha. Ukipata 15, boliti inasimama mapema, na mwanya wako ni huo wa milimita mbili.

Kisa kimoja cha namna hii kinatokea hata hesabu ya tapu ikiwa sawa. Mtu anayo tapu ya kumalizia, kwa hiyo anahesabu 13.25 na 2.5 na 1, anapata 16.75, anatoboa 17 na kufurahi. Kwa tapu ni sahihi kabisa. Lakini chini ya 17 bado kuna tundu la zamani la 6.8 lenye mabaki ya uzi uliokufa, na boliti inayoingia 17 inafika hapo hapo mlangoni. Siku ile gasketi ni mpya na nene, hakuna shida. Gasketi ikishalala, boliti inagusa. Ndiyo maana nasema kina cha boliti kihesabiwe peke yake.

Usitibu kwa kukata boliti bila kuhesabu. Ukikata 2 hapa, bado inabaki 15 ndani na koili yote imeshikwa, ni sawa. Ukikata 6, inabaki 11, na mizunguko ya chini ya koili haina kazi.

Ukuta wa alumini kuzunguka tundu unatakiwa uwe mnene kiasi gani?

Uzi mpya unafika 9.62. Nundu ya alumini inayozunguka tundu letu ilikuwa na kipenyo cha 16, kwa hiyo umebaki ukuta wa milimita 3.2 kila upande, tundu likiwa katikati. Kwa M8, ukuta ukiwa chini ya milimita 2.5 mimi husita, na kama kuna ufa wowote, hata wa unywele, siweki koili. Paka mafuta ya taa kwenye nundu, futa, halafu sugulia chaki juu yake. Ufa utajichora wenyewe.

Chumvi haitaila koili?

Chuma cha pua chenyewe hakiliwi kirahisi. Inayoliwa ni alumini inayogusana nacho kwenye maji ya chumvi. Kwa injini za pwani, kabla ya kuingiza napaka sehemu ya nje ya koili safu nyembamba ya gundi ya kuzibia isiyopitisha maji, na naangalia isifike kwenye ulimi wala kujaa chini ya tundu, maana gundi ikikaa chini inakula kile kina tulichokihangaikia. Uzi wa boliti unapakwa grisi ya baharini. Boliti yenye grisi inakazwa kwa nguvu kidogo kuliko kavu, kwa hiyo usiifuate spana mpaka mkono uume.

Na nahodha aifungue mara moja kwa mwaka, airudishe. Yule wa Sahare aliponijibu "Fundi, nifungue kitu kisichovuja?" nilimwonyesha boliti yake ya zamani, na unga mweupe wa alumini uliokuwa bado umeganda kwenye nyuzi zake.

Nimeikosea koili. Inatoka?

Inatoka, na tundu halidhuriki ukitulia. Chukua kitu cha chuma chenye kingo kali, kwa mfano mkia wa tupa ya pembe tatu ulionolewa, kipachike ndani ya mizunguko ya juu, gonga kidogo ili kingo zishike waya, kisha zungusha kinyume cha saa huku ukikandamiza. Mwisho wa juu wa waya usikae pale unaposhikia. Ukikaa hapo, geuza kifaa robo mzunguko, la sivyo utauchimbia kwenye alumini. Koili ikishatoka itupe, usijaribu kuinyoosha na kuirudisha. Pitisha tapu tena kwa mkono, puliza, pima kina upya kutoka mwanzo, kisha weka mpya.

Ukigundua uzi wa alumini nao umetoka na koili, biti ya 8.4 haitakusaidia tena. Hapo unatafuta bushi ya chuma yenye uzi nje na ndani, na kabla ya kuinunua rudi kwenye nundu na upime ule ukuta wa 3.2.